Siku Moja Maishani Mwangu: Kuandika Upya Tangazo la Usafi wa Mwalo wa Igombe

Saa 2:00 asubuhi

Ninaratibu kikundi kidogo cha mazingira hapa Mwanza, na kazi ya leo ni moja tu: kuandika upya tangazo la kuomba watu wa kujitolea katika usafi wa mwalo wa Igombe, utakaofanyika Jumamosi. Tangazo lililopo limekuwa likirithiwa mwaka hadi mwaka, kila mratibu akibadilisha tarehe na kuliacha lilivyo. Linasema hivi: «Wananchi wote mnakaribishwa kushiriki kikamilifu katika zoezi la usafi wa mazingira katika mwalo wa Igombe, Jumamosi kuanzia saa 1 asubuhi. Kutakuwa na ukusanyaji wa taka, uondoaji wa magugumaji na shughuli nyinginezo. Wote mnakaribishwa.»

Kiswahili chake hakina kasoro, lakini mtu akimaliza kulisoma hajui ataachiwa saa ngapi wala atapewa kazi gani mkononi. Mwenye kibanda cha chipsi anayefungua saa 5:00 hawezi kuahidi kuja, kwa sababu «kuanzia saa 1» huenda ikamaanisha mpaka adhuhuri. Hata anayekuja huondoka wakati wowote anaoona unafaa, na mara nyingi ni pale mifuko inapokuwa imejaa na inahitaji kubebwa.

Saa 3:00 asubuhi

Kabla ya kugusa sentensi yoyote, nimeketi na mwenzangu anayesimamia vifaa tukahesabu muda halisi, tangu mtu anapofika hadi anapoweza kuondoka bila mtu kumnung'unikia. Kuandikisha majina, kugawa glavu na kutoa maelekezo ya usalama huchukua nusu saa. Kuokota kwenyewe ni saa moja na nusu. Kukusanya mifuko, kuipima na kuiandika ni dakika 40, na kunawa, kurudisha vifaa na kunywa chai ni dakika 20. Jumla ni saa tatu, ilhali kwenye vikao vyetu tumezoea kusema «kazi ni ya saa moja na nusu tu», tukihesabu uokotaji peke yake. Kwa hiyo tangazo litasema: fika saa 1:00 asubuhi, ondoka saa 4:00 asubuhi.

Lilibaki suala la mgeni rasmi. Kila aliyewahi kuhudhuria shughuli za namna hii anajua jinsi watu mia wanavyoweza kusimama juani na glavu mikononi wakisubiri gari la mgeni. Muda wa mwisho ukiandikwa kwenye tangazo, hauwezi kumtegemea mtu ambaye bado yuko njiani. Nimempigia simu mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na Mzee amekubali kwamba hotuba ihamie saa 4:00, baada ya kazi, na anayetaka kuondoka aondoke. «Andika hivyo hivyo,» amesema, «maana usipoandika, watu wataona aibu kutoka wakati mkubwa anazungumza.» Nimeandika hivyo hivyo.

Saa 4:30 asubuhi

Muda umepatikana, zikabaki kazi. Maneno yaliyonitia wasiwasi zaidi katika tangazo la zamani ni haya matatu: «uondoaji wa magugumaji». Yamewekwa kati ya taka na shughuli nyinginezo kana kwamba ni jambo dogo, lakini kuyaondoa kwa mikono kunamtaka mtu aingie majini hadi magotini au zaidi, mahali penye maji yaliyotulia na majani mengi. Hapo ndipo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho wanapopenda kukaa. Vimelea hivyo huingia kupitia ngozi, havihitaji kidonda wala kumezwa, na muda mfupi tu ndani ya maji unatosha. Glavu za mikono hazimsaidii aliyezamisha miguu. Mtu aliyeitwa «kufanya usafi» asigundue kazi hiyo akiwa tayari ufukweni, wenzake wakiwa wamekunja suruali.

Nimeifuta kabisa. Magugumaji yataachiwa wavuvi wa BMU, watakaoyavuta kwa reki ndefu wakiwa ndani ya mitumbwi siku nyingine, na tangazo litasema waziwazi kwamba hakuna mtu wa kujitolea atakayeingia majini. «Shughuli nyinginezo» nazo nimezifuta, kwa kuwa maneno hayo humruhusu msimamizi kumpa mtu kazi yoyote.

Zilizobaki nimezitaja kwa jina, na kila moja nimeieleza kwa kile mwili utakachofanya. Badala ya «kutakuwa na ukusanyaji wa taka», sasa msomaji anaambiwa: «Utaokota chupa, mifuko na vipande vya nyavu kwenye mchanga. Utainama mara kwa mara kwa saa moja na nusu.» Mbeba mifuko anaambiwa kwamba kiroba hakitajazwa zaidi ya kilo 10 na kwamba atakipeleka hadi barabarani lilipo lori, umbali wa takriban mita 150 kwenye mchanga. Karani wa mizani anaambiwa kwamba atakaa kivulini, atasoma mizani na kuandika, na kwamba anahitaji kujua kusoma na kuandika tarakimu, basi. Mwenye mgongo mbovu au mama mjamzito akisoma hapo ataona kazi yake bila kulazimika kumweleza mtu yeyote hali yake.

Vipande vya nyavu vimehitaji sentensi ya ziada, kwa sababu vingi huwa vimezama mchangani na kipande kinachoonekana ni mkia tu. Mtu akikivuta kwa nguvu, hukata glavu na vidole. Nimeandika kwamba wavu uliozikwa hauvutwi, anaitwa msimamizi mwenye kisu, na vivyo hivyo kwa sindano na vioo vilivyovunjika.

Saa 7:00 mchana

Nimepanda daladala ya Igombe nikiwa na rasimu iliyochapishwa, kwa sababu tangazo hupimwa na anayelisoma mara ya kwanza. Njia yangu ni rahisi: ninampa mtu karatasi, anasoma mara moja, ninaichukua, kisha ninamuuliza atafika saa ngapi, ataondoka saa ngapi, atafanya nini na atavaa nini. Jibu likikosekana, sirudii kumfafanulia mdomoni, narudi kurekebisha karatasi.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda pale stendi. Alijibu yote manne vizuri, kisha akauliza swali ambalo rasimu yangu ilikuwa kimya kulihusu: «Sasa dada, posho ni shilingi ngapi?» Nikamwambia hakuna posho wala nauli, kuna chai na maji ya kunywa. Hakukasirika, alisema tu kwamba atakuja saa zile zile kwa kuwa nyumbani kwao ni jirani, lakini rafiki yake wa Buswelu asingekuja, na ni bora ajue mapema. Mstari wa posho nimeuweka chini ya mstari wa muda, wala si mwishoni kwa herufi ndogo. Wapo wanaoamini kwamba kutaja «hakuna posho» kunafukuza watu. Kwangu mimi, anayefukuzwa na mstari huo angekuwa amekuja, akanuna, kisha akaondoka katikati ya kazi.

Saa 8:30 mchana

Kwenye chanja za kuanikia dagaa nilimkuta mama mmoja akigeuza dagaa wake. Baada ya shikamoo na marahaba aliisoma rasimu, akairudisha haraka kuliko nilivyotarajia. «Mwanangu, saa moja mitumbwi ndiyo inaingia. Nikiacha kupokea dagaa niende kuokota chupa, watoto watakula nini?»

Nilimuuliza ni saa ngapi anapata nafasi. Akasema dagaa wakishaanikwa, yaani kuanzia saa 3:00 hivi, hubaki na muda kabla ya kurudi kuwageuza, na hata saa moja anaweza kuitoa. Akaongeza kwamba kukiwa na mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa hailali ziwani kwa sababu taa hazivuti samaki vizuri, na siku hizo wangekuja wengi. Jumamosi yetu imeshapangwa na lori limeshaombwa, kwa hiyo la mbalamwezi nimelihifadhi kwa kupanga tarehe ijayo.

Hili la saa moja, hata hivyo, lilinifungua macho. Upimaji wa mifuko hauanzi mpaka saa 3:00, hivyo karani wa mizani hana sababu ya kufika alfajiri. Rasimu yangu ilikuwa imewafungia nje watu wanaoufahamu ufukwe ule kuliko sisi wa mjini, kwa kudhani tu kwamba kila kazi lazima ianze kwa pamoja. Palepale, karatasi ikiwa juu ya chanja, niligawa muda: waokotaji na wabeba mifuko saa 1:00 hadi saa 4:00, makarani wa mizani saa 3:00 hadi saa 4:00. Mama akasoma tena, akasema hiyo ya mizani aandikwe yeye na jirani yake, na kwamba tusisahau kuandika kuwa eneo la chanja na mchanga wa kuanikia halikanyagwi. Sentensi hiyo imeingia kwenye maelekezo ya waokotaji.

Saa 11:00 jioni

Ofisini nimeandika nakala ya mwisho, kisha ya ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa wengi hawatauona ubao wa mwalo. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi, nafasi na alama zisizozidi 160, na ukitia kikatuni kimoja cha uso unaocheka kikomo hushuka hadi 70, ujumbe ukagawanyika na gharama ikapanda. Huu una 159:

```
USAFI IGOMBE Jumamosi hii. Fika saa 1:00 asubuhi, ondoka saa 4:00. Utaokota taka nchi kavu, huingii majini. Usivae ndala. Glavu zipo, posho hakuna. Jibu NDIYO.
```

Mwenzangu alitaka tuongeze «Mazingira ni uhai» mwanzoni. Nilimuuliza tutoe nini ili ipate nafasi, ndala au posho. Alisoma tena, akacheka, akaacha. Kazi za mizani hazikuingia kwa kukosa nafasi, kwa hiyo wanaoanika dagaa watapata ujumbe wao wenyewe wenye saa zao.

Saa 1:15 usiku

Nakala imetumwa kwa mwenyekiti wa BMU na mtendaji wa mtaa, nao wameanza kuisambaza kwenye makundi yao. Jibu la kwanza limetoka kwa mtu nisiyemjua: «Kubeba mifuko, saa 1 mpaka saa 4, tupo wawili.» La pili ni la mzazi anayeuliza kama mwanawe wa miaka 10 anaweza kuja. Nimemjibu kwamba watoto walio chini ya miaka 14 waje na mzazi na wakae upande wa mizani, kisha nikafungua tena faili na kuongeza mstari huo chini ya makarani kabla nakala ya ubaoni haijachapishwa kesho asubuhi.