Mtungi una macho: siku yangu ya kuandika matangazo ya duka la gesi, Tanga

Saa 1 asubuhi. Nafungua duka hapa Ngamiani. Tangazo la wiki iliyopita bado linanikaa moyoni. Niliandika kwamba mtungi wa kilo 3 unaisha kabla chai haijachemka. Watu wakacheka sana, ila mama mmoja akanitumia ujumbe pembeni: "Mwanangu, huo ndio ninaoumudu." Nilimpigia nikamwomba radhi, nikalifuta. Nilikuwa nimeucheka mfuko wake.

Saa 3. Dada wa Makorora kaleta mtungi mtupu. Gesi ilimkatikia wali wa nazi haujakauka, na mawifi washaketi sebuleni. Anasimulia huku anacheka, na duka zima linacheka naye. Kisa ambacho mwenyewe keshakicheka ndicho ninachokitafuta. Nikamwomba ruhusa nikitumie bila jina lake, akakubali.

Saa 5. Naandika: "Wifi kaja, wali mbichi: aibu ya mke asiyepima gesi!" Nikajisomea kwa sauti, nikasikia namsuta mteja. Nikafuta. Lawama nikambebesha mtungi:

"Mtungi una macho. Siku ya chai kavu unawaka tu. Siku ya wali wa nazi na mawifi sebuleni, ndipo unapoaga."

Mzaha unaishia hapo. Mstari unaofuata ni maelezo matupu: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake cha juu, pima mtungi wako, toa uzito huo, kinachobaki ndiyo gesi. Mizani ipo dukani, kupima ni bure.

Saa 7 mchana. Mwenzangu anataka tuongeze picha ya mtu anayetafuta gesi inapovuja kwa njiti ya kiberiti. Inachekesha kweli, lakini nimekataa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini sakafuni, na njiti moja inaweza kuilipua. Anayepitisha macho haraka ataikumbuka njiti, asikumbuke kuwa ilikuwa utani. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, na hilo tutaliandikia tangazo lake, bila kichekesho hata kimoja.

Saa 10 jioni. Natuma, watu wakiwa wanawaza chakula cha usiku.

Saa 12. Maoni yanaingia. "Wangu ulikata siku ya futari!" Mwingine: "Wangu unamjua mama mkwe kwa hatua zake." Wanautania mtungi, hakuna aliyemtania mwenzake. Napenda zaidi maswali: watatu wameuliza huo uzito umegongwa wapi hasa.

Kabla sijafunga, mama mmoja kaja na mtungi wa kilo 6 kuubadilisha.

"Tuupime kwanza, mama."

Mizani ikasoma kilo 8.4. Kwenye chuma pamegongwa 7.2.

"Imebaki kilo moja na ushei."

"Kumbe! Basi narudi nao, nitakuja ikiisha."

Nikamfungia mtungi wake kwenye baiskeli, wima.