Tona mpya ilikataa kuingia kwenye P2035, kumbe ni herufi moja tu

Jamani nimehangaika siku mbili na printa ya ofisini, HP LaserJet P2035. Nilinunua katriji kompatibo ya 505X kwa sababu X inatoa kama kurasa 6,500 na ile ya kawaida 2,300, nikajiona mjanja. Kuiweka sasa, inaingia nusu, mlango wa mbele haufungi. Nikaitoa nikairudisha, nikahakikisha utepe wa kuziba nimeshauvuta, nikasukuma kwa nguvu mpaka nikaogopa kuvunja mlango.

Mwisho nikaiweka mezani pembeni ya ile ya zamani. Mpya ina tumbo kubwa, ndo unga wa ziada unakokaa! Ya zamani lebo inasema CE505A, na boksi la mpya limeandika P2055 peke yake, P2035 haipo kabisa. P2055 inakula A na X, P2035 inakula A tu, na mimi nilisoma ile 505 nikaishia hapo.

Nikarudi dukani wakanibadilishia kwa 505A, ikaingia ikalia kach, mlango ukafunga na test page ikatoka safi. M402 ya jirani yeye anaweka 26A au 26X, zote zinakubali, kwa hiyo angalieni modeli iliyoandikwa usoni mwa printa kwanza, ndo msome boksi.