Chanda si kidole, mama si mama

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Delhi, mwezi wa Desemba, ukungu umetanda mpaka jua linaonekana kama sahani ya bati. Mume wangu alikuwa anasoma. Tulipanga barsati huko Malviya Nagar, yaani chumba kimoja kilichojengwa juu ya paa la nyumba ya watu. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikaa chini. Sisi wapangaji tulimwita Anti, naye aliniita beti, binti.

Usiku wa tano mtoto alilia tangu isha. Nilimnyonyesha, nikamcheulisha, nikamzungusha chumba kizima, wapi. Mama yangu yuko Tanga, na hapo nililia na mimi. Anti akapanda ngazi na kichupa cha mafuta ya haradali, akamkanda mtoto miguu, akamlaza kifuani pake na kuanza kuimba. Nikashtuka. Nilisikia wazi: lala. Nikasikia mama. Nikasikia chanda. Nikamuuliza mume wangu, "Anti amejifunza wapi Kiswahili?"

Hakikuwa Kiswahili. Ilikuwa lori, bembelezi la Kihindi, na aliutunga mwenyewe palepale, kama wafanyavyo wanawake wengi wa kwao. Siku zilizofuata nilimwomba aniimbie polepole nikaandika kwa masikio yangu:

So ja lalla, haule haule,
nindiya ayi haule haule.
Nim ki dali haule dole,
so ja lalla, haule haule.

Chanda mama chat pe aye,
dudh katori leke aye.
Nim ki dali haule dole,
so ja lalla, haule haule.

Maana yake ni hii. Lala kipenzi, polepole, usingizi umekuja polepole. Tawi la mwarobaini linayumba polepole. Mjomba Mwezi amekuja juu ya paa, amekuja na kibakuli cha maziwa.

Kumbe neno la kulala ni "so ja". Lile "lalla" nililodhani ni letu ni jina la kumdekeza mtoto wa kiume. Angekuwa wa kike, Anti angeimba "so ja bitiya". "Haule", ambalo kwetu ni jina la ukoo, ni polepole tu. Na mwarobaini hauhitaji kutafsiriwa, maana ni mti uleule. Ulikuwepo mmoja kwenye kona ya mtaa wetu, matawi yake yanafika usawa wa dirisha letu.

"Nindiya" lilinipendeza kuliko yote. Usingizi kwa Kihindi ni "nind". Ukiweka "iya" mwishoni unaufanya mdogo na mpenzi, kama sisi tunavyosema kausingizi. Tena ni neno la kike, kwa hiyo kitenzi chake kinasema "ayi", amekuja yeye mwanamke. Katika bembelezi za Kihindi usingizi huitwa kama mgeni anayesubiriwa mlangoni, na mgeni huyo ni mwanamke. Sikuwahi kuuwazia usingizi hivyo. Baada ya hapo, mtoto akianza kulegea shingo, niliona kama kuna mtu kaingia chumbani bila viatu.

Sasa, chanda na mama. Kwetu chanda ni kidole, kile chema ndicho huvikwa pete. Nilikuwa nasikia "kidole cha mama" na nikaona ni picha nzuri, mtoto ameshika kidole cha mama yake. Lakini "chanda" ni mwezi, na "mama" kwa Kihindi ni mjomba, kaka wa mama. Watoto wa huko wote wanaujua mwezi kwa jina hilo. Nilimuuliza Anti kwa nini mjomba, kwa nini si baba au babu. Alinipa kwanza kisa cha dini yao, kwamba miungu ilipoikoroga bahari ya maziwa, mwezi ulitoka humo pamoja na mungu wao wa kike Lakshmi, kwa hiyo ni ndugu yake. Na kwa kuwa Lakshmi wanamwita mama, kaka yake ni mjomba wa wote. Halafu akaweka mtoto begani na kunipa sababu yake mwenyewe. Mwanamke akiolewa anaondoka kwao. Anayekuja kumwona na zawadi mkononi ni kaka yake. Ndiyo maana mwezi unakuja na kibakuli cha maziwa, hauji mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ubeti ule si wa mtoto. Mtoto wa siku tano hajui mwezi wala mjomba. Unaimbwa kwa ajili ya mzazi, mwanamke aliyekaa ndani kwa watu wasio wa kwao, anahesabu siku zake. Na wao wanahesabu kama sisi, arobaini hivi; husema mwezi na robo. Siku hizo Anti hakuniruhusu kugusa maji baridi, akanilisha tangawizi kavu na vitufe vya samli na utomvu, tofauti kabisa na uji wa pilipili manga wa mama yangu lakini tumbo lilivipokea vilevile.

Kuuimba nako kuna namna yake, na mwanzoni nilikosea. Kila mstari una mapigo manane. Niliukimbiza, kwa kuwa nilitaka mtoto alale upesi, naye akafungua macho makubwa. Anti akanishika mkono, akanionyesha: pumzi moja kwa kila mstari, na mwili unayumba mara mbili, kwenye "haule" ya kwanza na "haule" ya pili. Kosa langu la pili lilikuwa kunyamaza ghafla alipofumba macho. Kimya cha ghafla kinamwamsha. Unapunguza maneno kidogo kidogo: unaacha beti, unabaki na kiitikio, unaacha "so ja lalla", unabaki na "haule haule", kisha unavumisha kwa midomo iliyofungwa. Ukiuinua mkono wake nao ukaanguka mzito, ndipo umlaze. Mkono huo ukiwa bado unakunja vidole, rudi kwenye kiitikio. Ndiyo faida ya kiitikio kifupi usiku wa manane, mzazi aliyechoka hana la kukumbuka.

Wiki ya tatu kaka yangu alinipigia kutoka Tanga. Alitaka kumwona mjomba wake. (Kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina moja.) Mtandao ulikuwa unakatika, uso wake ukaganda kwenye simu, mweupe na wa duara kwa ule mwanga. Usiku huo nilijaribu kuongeza mstari wangu, "Chanda mama Tanga se aye", mjomba mwezi kaja kutoka Tanga. Haukukaa. Silabi zilizidi, nikawa nateleza kwenye "se" kila mara na kuvunja pumzi. Nikamwimbia Anti asubuhi. Akahesabu kwa kidole gumba juu ya vifundo vya vidole vyake, akaliondoa jina la mwezi, akageuza:

Mama aye Tanga se re.

Nane kamili. Mjomba kaja kutoka Tanga. Lile "re" la mwisho halina maana kubwa, ni sauti ya kuita kwa upole, linampa mwimbaji mahali pa kutua.

Akaniuliza Tanga ni wapi. Nikamwambia ni mji wa pwani, bahari inayouosha ndiyo hiyohiyo inayofika Bombei. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Tuliondoka Delhi mtoto akiwa na mwaka na miezi minne. Mwaka jana binti yake Anti alijifungua, nikatumiwa ujumbe wa sauti. Kelele za honi, kikombe kinagongwa mahali, halafu sauti yake, nzito kuliko nilivyoikumbuka. Aliimba beti zote mbili. Alipofika kwenye mjomba hakusema paa. Alisema Tanga.