Seli Iliyotazamwa kutoka Nchani

Nilipokuwa kidato cha sita mjini Tabora, mwalimu wetu wa biolojia alitandaza juu ya meza ya maabara picha za ncha ya mzizi wa kitunguu zilizopigwa kupitia hadubini, akatutaka tuandike jina la hatua ya mgawanyiko wa kila seli iliyotiwa alama, pamoja na sababu. Nyingi hazikutusumbua. Kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, zilipojipanga mstari mmoja katikati ya seli tuliandika metafezi. Zilipokuwa makundi mawili yanayoachana, nyingi zikiwa zimejikunja mfano wa herufi V na pembe ikielekea ncha ya seli, tuliandika anafezi, kwa kuwa sentromia, sehemu ya kromosomu inayoshikwa na nyuzi za kuvuta, ndiyo inayovutwa na mikono hufuata nyuma.

Ubishi ulizuka kwenye picha moja ambayo kromosomu zake zilikuwa zimetawanyika kwa duara, bila mstari wowote. Jirani yangu wa dawati alishikilia kuwa ni profezi, hatua ya mwanzo, maana hazijajipanga.

"Mwanangu, unaitazama kutoka upande gani?" mwalimu akamuuliza, kisha akainua kifuniko cha sahani ya petri. Alipokishika kwa ubavu tuliona mstari. Alipokigeuza tukaona duara.

Alitueleza kwamba katika mzizi seli nyingi hujipanga kufuata urefu wake, ndiyo maana metafezi huonekana zaidi kwa ubavu. Lakini ncha ya mzizi inapopondwa chini ya kioo chembamba, baadhi ya seli hupinduka, nasi tukazitazama kutoka ncha ya seli. Akatuelekeza tuangalie unene wa kromosomu. Katika profezi nyuzi ni ndefu, zimesongamana ndani ya mipaka ya kiini, na pengine nukleolo, kiduara kidogo ndani ya kiini, bado inaonekana. Katika picha ile kromosomu zilikuwa fupi, nene, kila moja peke yake, mikono ikielekea nje na katikati pakiwa peupe kidogo. Kitunguu kina kromosomu 16, na kwa maoni yangu hakuna pembe nzuri kuliko hiyo kwa anayetaka kuzihesabu.

Picha iliyofuata ilikuwa ngumu kwa namna nyingine, kwa sababu makundi mawili yalikwisha kufika kwenye ncha za seli. Mwenzetu mmoja alisema si telofezi, hatua ya mwisho, kwa vile seli haijabanwa kiunoni, jambo ambalo ni kweli kwa seli za wanyama. Ukuta mgumu wa seli ya mmea hauruhusu kubanwa hivyo, na badala yake utando mpya hujengwa kuanzia katikati kuelekea kandoni. Tulipoisogeza picha dirishani, mstari hafifu ulionekana katikati, na mikono ya kromosomu ilikwisha kuungana kuwa bonge. Mwalimu alikubali telofezi ya mwanzo, na hata anafezi ya mwisho hakuikata, mradi mwandishi ametaja mstari ule na hali ya mikono; aliyeandika jina tupu hakupata alama.