Simu iliyolala miezi mitano bila chaji, na jinsi nilivyoiamsha

Simu ya mama mdogo ilitoka Kongwa ikiwa imekaa sandukuni tangu mvua za Desemba hadi msimu wa shamba ulipoisha, mwezi wa tano. Ilikuwa imejizima kwa kuishiwa chaji, ikawekwa hivyo hivyo. Ukiichomeka, kioo cheusi tii, hakuna alama ya betri wala mtetemo. Alikwishaambiwa betri imekufa, anunue nyingine.

Simu inapoandika asilimia sifuri, betri huwa haijaisha kabisa. Hubaki na volti kama 3.4, na simu hujizima kwa makusudi ili betri isiumie. Balaa huja baadaye, ikiachwa bila kuchajiwa: saketi ndogo za ndani, ikiwamo ile ya saa, zinaendelea kunyonya kidogo kidogo, na betri nayo huvuja yenyewe. Miezi ikipita, volti zinashuka chini ya 3. Zikikaribia 2.5, kibao kidogo cha ulinzi kilicho kwenye kichwa cha betri kinakata njia.

Betri ya namna hiyo haiwezi kupokea chaji ya nguvu. Mfumo wa chaji wa simu unaijua hali hiyo, kwa hiyo unaipa umeme mdogo sana mpaka ifike karibu volti 3, ndipo unafungulia. Muda wote huo kioo hakina umeme wa kujiwasha hata kuonyesha alama. Kioo cheusi, basi, hakikuambii kama chaji inaingia au haiingii. Anayekuambia ni mita ya USB, kile kidude kinachokaa kati ya chaja na waya na kuonyesha volti na ampea. Mafundi wengi wa simu wanacho, na bei yake si ya kutisha.

Nilipoichomeka kwa mara ya kwanza mita ilisoma volti 5.1 na ampea 0.00. Chaja ilikuwa nzima, ila simu haikunywa chochote. Hapo wengi wanaikatia betri tamaa, wakati kwa vumbi la Dodoma kitu cha kwanza kushuku ni tundu la chaji. Nilimulika kwa tochi nikaona pamba ya mfukoni imeshindiliwa na vumbi jekundu hadi imekuwa kama kizibo. Niliitoa kwa kijiti cha meno cha mbao, nikichokoa taratibu pembeni bila kugusa ule ulimi wa katikati wenye pini. Usitumie sindano wala pini ya chuma. Ukipinda pini moja umeongeza ugonjwa. Kipimo ni waya wenyewe: kabla ya kusafisha ulibaki nje kidogo na kuchezacheza, baada ya kusafisha uliingia wote ukashika.

Nilibadilisha pia chaja. Kwa kazi hii naipenda ya zamani ya volti 5 na ampea 1, yenye waya wa USB ya kawaida upande wa chaja. Zile za taipu C pande zote mbili hazitoi umeme mpaka zitambue kupitia pini maalumu kwamba kuna simu upande wa pili, na pini hizo zikiwa chafu utadhani simu imekufa. Paneli ndogo ya sola iliyounganishwa moja kwa moja na simu nayo haifai hapa: wingu likipita umeme unakatika, na chaji yenyewe ni ndogo mno kuvumilia hayo.

Baada ya hapo mita ilisoma 0.06. Kwa jicho la mgeni ni sawa na hakuna, lakini ndiyo namba niliyokuwa naitafuta. Betri ile ni ya miliampea-saa 5000. Kuitoa chini hadi volti 3 kunahitaji kiasi kidogo tu, tuseme asilimia 2 ya ujazo wake, yaani miliampea-saa 100. Kwa miliampea 60, hiyo ni kama saa moja na dakika arobaini.

"Mwanangu, nikibonyeza kidogo haitawaka?" aliuliza mama mdogo baada ya nusu saa.

"Hapana mama, tuiache."

Sababu ni kwamba kuwaka kunahitaji umeme mwingi kuliko huo unaoingia. Ukibonyeza mapema simu inajaribu kuwaka, inakula kile kidogo kilichokusanyika, inazima, na unaanza upya. Ndiyo maana simu nyingine zinaonyesha nembo, zinazima, zinaonyesha nembo tena usiku kucha: mwenyewe hakuziachia zikusanye. Nilichofanya mimi ni kugusa mgongo wa simu kila baada ya dakika kumi na tano. Kwa umeme mdogo hivyo haitakiwi hata kuwa vuguvugu. Ikipata joto, kuna shoti ndani, chomoa. Na kama mfuniko umeinuka au kioo kinaachana na bodi, betri imevimba. Hiyo haiamshwi wala haibonyezwi irudi, inatolewa na fundi.

Ilipofika kama saa moja na nusu mita iliruka ghafla hadi 0.45, na dakika chache baadaye alama ya betri ikatokea. Bado sikuiwasha. Niliiacha ifike asilimia 20, ndipo nikabonyeza.

Ingeendelea kusoma 0.00 baada ya tundu kuwa safi na waya kubadilishwa, kazi ingehamia mezani kwa fundi. Huko mgongo unafunguliwa na betri inapimwa kwa multimita. Kwenye soketi inaweza kusoma 0 kabisa kwa sababu kibao cha ulinzi kimekata, huku nyuma ya kibao, kwenye betri yenyewe, kuna 2.4. Hiyo inaamshika: fundi anaweka pawa saplai volti 4.2, anabana mkondo usizidi ampea 0.1, anasimama hapo hadi isome 3.1 hivi, kisha anairudisha kwenye simu imalizie yenyewe. Lakini ikisoma chini ya 1.5 na imekaa hivyo kwa wiki nyingi, mimi huikataa. Shaba ya ndani huwa imeanza kuyeyuka, na ukiichaji inaweza kuota vijinyuzi vinavyounganisha pande mbili. Itachaji leo, na siku nyingine itawaka moto mtu akiwa amelala.

Kuna wanaoistua betri kwa umeme wa betri ya bodaboda. Volti 12 bila kizuizi chochote kwenye betri ya volti 4! Ikiamka hivyo hujui umeiharibu kiasi gani, na isipoamka inaweza kulipuka mkononi. Betri za kuchomoka za viswaswadu zinaamshwa vizuri kwa chaja ya kobe, dakika kumi hadi kumi na tano mbele ya macho yako, kisha inarudishwa kwenye simu. Kobe haisikilizi joto la betri, ndiyo maana haiachwi peke yake.

Kwa simu ya mama mdogo nilibaki na swali moja: je, betri inatunza? Niliijaza hadi 100, nikaizima usiku mzima, asubuhi nikaiwasha. Ilisoma 98. Ingeshuka hadi 80 ikiwa imezimwa, ningemwambia anunue nyingine. Alirudi nayo Kongwa, na akiiweka tena sandukuni ataizima ikiwa na nusu ya chaji, na mwezi wa pili ataitoa aitazame.