Wiki ya tatu nikajua

Nilimwajiri kijana wa stoo kwenye duka langu la vipuri, Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Wiki ya kwanza alisaini kupokea mzigo kabla ya kuhesabu: breki pedi 40 kwenye karatasi, 36 kwenye boksi. Nikasema ni ugeni. Tukapokea mzigo uliofuata pamoja: hesabu, linganisha, ndipo usaini. Akanirudishia hatua zote bila kukosea.

Siku nne baadaye, kosa lile lile. Stoo iko wazi, yeye yuko kaunta anawachekesha wateja.

Basi si kutojua. Kazi yenyewe haikumfaa. Na mimi nilikosea: kwenye usaili nilipenda maneno yake, sikumpa hata boksi moja ahesabu.

Nilimwita faragha, nikamsikiliza kwanza. "Bosi, stoo inanichosha." Alikuwa bado kwenye majaribio, na Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya siku 7 au malipo ya siku hizo. Nikamlipa siku alizofanya kazi na hizo 7, kwa M-Pesa, siku hiyo hiyo. Zile pedi 4 sikumkata.

Jirani anatafuta mtu wa kaunta. Nimempa namba yake, na habari za stoo sikumficha.