Nguzo mbili za sensa ya Kigoma

Matokeo ya mwanzo ya Sensa ya Watu na Makazi yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022, na sisi Kigoma mjini tulikuwa na ofisi ndogo ya habari pale Mwanga, watu wachache, laptop mbili, na mhariri ambaye kila kitu anakitaka jana. Mimi ndo nilikuwa nashika mambo ya takwimu na grafu. Namba zenyewe zilikuwa nyepesi tu. Mwaka 2012 mkoa wetu ulihesabiwa watu 2,127,930, na 2022 wakawa 2,470,967. Dogo mmoja aliyekuwa mazoezini alishatengeneza chati ya nguzo mbili, rangi ya bluu imekolea, na kichwa kikubwa juu: KIGOMA YAFURIKA WATU.

Kwa kuitazama tu ilipendeza, ila nguzo ya 2022 ilikuwa refu mno mpaka roho yangu ikakataa. Nikachukua rula ya mezani nikaiweka juu ya skrini. Ya 2012 sentimita 2, ya 2022 sentimita 7 na ushee. Maana yake mtu anayesoma kwenye simu, kwenye daladala ya kwenda Ujiji, jicho lake linamwambia watu wameongezeka karibu mara nne. Wakati ukitoa hesabu unapata nyongeza ya watu 343,037, ambayo ni kama asilimia 16 ya wale wa mwanzo. Kama nguzo ya kwanza ni sentimita 2 basi ya pili ilitakiwa iwe 2.3 tu, basi.

Shida ilikuwa kwenye ule mstari wa namba wa pembeni, ulianzia 2,000,000 badala ya sifuri. Dogo aliuweka hivyo ili tofauti ionekane, na sio yeye peke yake maana hata Excel yenyewe ikiona namba zimekaribiana ina tabia ya kuanzisha mstari juu juu bila kukuuliza. Nikamwambia, mdogo wangu, nguzo inasomwa kwa urefu wake wote toka chini mpaka juu, ukiikata miguu umekata na maana. Grafu ya mstari ina nafuu, pale jicho linafuata mteremko, unaweza ukaanzia namba ya juu kidogo ukaandika wazi. Lakini nguzo lazima ianzie sifuri. Unaingia kwenye `Format Axis`, pale penye `Minimum` unaandika `0`, imeisha hiyo.

Akaandika. Nguzo zikawa karibu sawa, na chati nzima ikapooza. Mhariri akapita nyuma yetu akasema, "Sasa dada, hii inasema nini? Si bora tuache namba tu kwenye maandishi?"

Na hapo alikuwa na hoja kabisa. Namba mbili hazihitaji picha, sentensi moja inatosha. Chati inatakiwa ijibu swali ambalo sentensi inashindwa kulijibu vizuri, na swali la mtu wa Kigoma siku ile lilikuwa moja, je tumeongezeka sana au kidogo? Sana kuliko nani? Nikavuta namba za nchi nzima, 44,928,923 kwenda 61,741,120, na za majirani zetu Tabora, 2,291,623 kwenda 3,391,679. Ukizipanga hizo kama nguzo za idadi, ya taifa inameza zote, Kigoma na Tabora zinabaki visiki. Dogo akapendekeza mistari, kila sehemu na mstari wake. Nikasita, kwa sababu tuna vituo viwili tu, Agosti 2012 na Agosti 2022, na mstari ulionyooka katikati yake unamfanya msomaji aamini tunajua kila mwaka ulivyokwenda, wakati hapo kati hakuna sensa. Pai chati ndo kabisa haifai, vipande vyake vinatakiwa vijumlike kuwa kitu kimoja kizima, na Kigoma iko tayari ndani ya Tanzania, ungekuwa unamhesabu mtu mara mbili.

Tukaishia kwenye nguzo tatu za kulala, za asilimia ya ongezeko, zote zinaanzia sifuri: Tabora 48, Tanzania 37, Kigoma 16. Nikailaza makusudi ili majina yasomeke kwenye simu bila kupinda shingo, na Kigoma nikaipa rangi, zile mbili kijivu.

Ofisi ikanyamaza kidogo. Maana kile kichwa cha YAFURIKA kilikuwa kinasema kinyume cha habari yenyewe, sisi ndo tumeongezeka taratibu, chini ya nusu ya kasi ya nchi. Mhariri akachangamka, "Basi andika WATU WAIKIMBIA KIGOMA." Nilimheshimu sana yule mzee lakini hapo nilikataa, nikamwambia mzee wangu, hawa watu hawajapungua, wameongezeka zaidi ya laki tatu. Halafu jumla ya sensa haisemi kwa nini. Mkoa unaweza kwenda taratibu kwa vizazi, kwa vifo, kwa wanaohama, kwa wanaoacha kuhamia, na chati yetu haina hata kimoja cha hivyo. Kichwa kiseme kile ambacho nguzo zinaonyesha, basi. Tukakubaliana hivi: "Watu Kigoma waongezeka kwa asilimia 16 kati ya 2012 na 2022, nchi nzima asilimia 37." Kirefu, hakina mbwembwe, lakini kina kipimo, kina miaka, na kina cha kulinganishia.

Nikadhani tumemaliza, kumbe dogo kapata moto, kaweka mikoa yote kwenye jedwali anasema tuipange toka juu mpaka chini. Na pale chini kabisa ikatokea Mbeya, imepungua kwa asilimia 13. Mbeya hii hii tunayoijua! Alichukua 2,707,410 ya ripoti ya 2012 akailinganisha na 2,343,754 ya 2022. Lakini mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, kwa hiyo alikuwa analinganisha shamba zima na shamba lililogawiwa. Kwenye ripoti ya 2022 ile namba ya 2012 imeshapangwa upya kwa mipaka mipya, Mbeya inasomeka 1,708,548, na ukipiga hesabu inakuja kuwa ongezeko la asilimia 37. Ndo maana mimi siridhiki na "Chanzo: NBS" peke yake, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu. NBS ipi, ya mwaka gani, mipaka ipi?

Tukabaki na nguzo zetu tatu, na chini nikaandika kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka: "Chanzo: NBS na OCGS, Sensa ya Watu na Makazi 2012 na 2022. Asilimia ni za ongezeko la jumla kwa miaka yote 10, sio kwa mwaka. Zimekokotolewa na ofisi yetu na kukatwa hadi namba nzima." Hiyo OCGS ndo ofisi ya takwimu ya Zanzibar. Hapo kwenye "kwa miaka yote 10" niling'ang'ania, kwa sababu ripoti yenyewe inatoa kasi ya kwa mwaka, Kigoma 1.5 na taifa 3.2, na msomaji akikutana na 16 huku na 1.5 kule ataona mmoja kati yetu anadanganya.

Kesho yake mwalimu mmoja wa Ujiji akapiga simu ofisini, kakokotoa mwenyewe kwa kalkuleta, akasema yeye kapata 16.1. Nikamwambia mwalimu uko sahihi, ile pointi moja tumeikata, soma mstari wa chini. Akasoma huku niko kwenye laini, akasema haya, nimeuona.